Hela ya korosho imeingia: niifungie benki, ninunue mahindi au mbuzi?

Mkulima_Newala: Habari wakuu. Malipo ya mnada yameingia juzi, 4,200,000. Nataka ifike msimu ujao. Niifungie benki mwaka mzima, ninunue mahindi ya mwaka mzima, au mbuzi?

BintiMasasi: Hujasema mko wangapi, una deni gani, na kama mnalima chakula. Tutakushauri vipi?

Mkulima_Newala: Tuko sita. Mtoto anaingia fomu wani Januari. Dukani nadaiwa laki 6. Mahindi tunavuna Mei, yanatufikisha Agosti.

Mbuzi_Kwanza: Nunua mbuzi kumi. Pesa ya benki inaliwa, mbuzi anazaa.

MzeeWaSalfa: Usinunue mahindi ya mwaka mzima sasa. Bei ndiyo inapanda kuelekea Machi, na dumuzi watayamaliza. Nyumba ya watu sita hula kama debe mbili na nusu kwa mwezi, kwa hiyo debe 15 zinakufikisha Mei. Huku kwangu debe ni 20,000, hiyo ni laki 3. Tenga 120,000 ununue debe 10 Julai zikishuka.
Lipa deni. Shule 350,000. Palizi na kupulizia salfa, weka laki 7 zisiguswe, maana ubwiriunga hausubiri. Inabaki 2,130,000. Usigawe kwa 12, gawa kwa 14, kwa sababu mnada ukichelewa na malipo yanachelewa. Ni kama laki moja na nusu kwa mwezi.

BintiMasasi: Na kuuguliwa je? Msiba? Hapo hujaweka kitu.

MzeeWaSalfa: Kweli. Itoke kwenye hiyo ya mwezi, au apunguze.

Kaka_Tandahimba: Mimi naogopa hiyo ya kufungia benki. Baba yangu alifungia karibu yote, miezi 12, akifuata riba. Juni maua yanatoka, hana hela ya salfa wala ya vibarua. Kuvunja mkataba angepoteza riba, akaona bora auze kangomba. Akachukua hela kwa kilo ambazo bado ziko mtini. Mnada ulipofunguliwa, kilo zile zile wenzake walilipwa zaidi ya mara mbili, na yeye anapeleka mzigo kwa mtu. Riba yote ya benki haikufikia hata robo ya alichopoteza. Kama unafungia, fungia ya miezi mitatu mitatu, na ya salfa iwe mkononi Mei.

Mhaya_Kahawa: Kwetu Kagera hiyo tunaita butura. Mtu anauza kahawa ikiwa maua. Kwani serikali si ilikataza?

Kaka_Tandahimba: Imekatazwa, lakini mwenye mgonjwa ndani atafanyaje?

Mbuzi_Kwanza: Angekuwa na mbuzi angeuza wawili, yakaisha.

BintiMasasi: Wa jirani yangu walikufa na sotoka ndani ya mwezi mmoja. Umewachanja wako?

Mkulima_Newala: Nimeelewa ya salfa. Lakini mama watoto anataka ya matumizi akae nayo yeye kwenye VICOBA. Kuna aliyejaribu?

Mbuzi_Kwanza: Wangu wamechanjwa. Hata wawili tu basi, mkuu.