Mifuko 120 ya simiti, wateja wawili, na wote wameambiwa "ipo"

MwekaStoo_Amu
Nimechoka na nasema kwa hasira. Maduka ya vifaa vya ujenzi hapa Amu yanauza mfuko mmoja mara mbili, halafu lawama anabebeshwa mtu wa stoo. Jumatatu muuzaji wa kaunta anaangalia kompyuta, anaona simiti 120, anamwahidi kontrakta wa Shela mifuko 80 ya kuchukua Jumatano. Mifuko haijatoka stoo, kwa hiyo kompyuta bado inaonyesha 120. Saa moja baadaye muuzaji wa simu anamwahidi mteja wa Matondoni mifuko 70, siku hiyohiyo ya Jumatano. Hakuna aliyedanganya. Wamesoma namba moja, na namba hiyo inahesabu mifuko iliyomo ndani, haisemi mingapi tayari ina mwenyewe. Jumatano mashua imekodiwa, vibarua wamesimama gatini, mifuko 30 haipo.

Wenye maduka, ahadi ikitolewa ishikilie mzigo na ipunguze namba ya kuuza papo hapo. Daftari la muuzaji halimsaidii mwenzake, na ujumbe wa WhatsApp unasomwa jioni!

HesabuNyepesi
Mbona rahisi? 120 toa 80 ni 40. Alhamisi kuna lori la mifuko 100, jumla 140. Mwambie wa Matondoni aje Ijumaa, achukue 70 zake zote.

MpangaOda
Umeanza vizuri, ukaishia njiani. Hujauliza nani mwingine anangoja lori hilo. Tuseme kuna shule imeshalipia mifuko 90 ya Jumamosi. Ukimpa wa Matondoni 70, stoo inabaki na 70, na shule inakosa 20. Umemwondoa mteja mmoja kwenye shida ukamtia mwingine.

Andika baki kwa siku. Leo 120, Jumatano baada ya Shela 40, Alhamisi 140, Jumamosi baada ya shule 50. Sasa chukua siku ambayo mteja anataka mzigo, angalia kuanzia hapo kwenda mbele, na utafute baki dogo kuliko yote. Hilo ndilo unaloweza kuahidi. Anayetaka leo mwisho wake ni 40, anayetaka Ijumaa mwisho wake ni 50. Wa Matondoni aambiwe ukweli: 50 Ijumaa, na 20 zingoje lori lingine ambalo tarehe yake inajulikana.

Na tarehe ya lori msiandike siku linapofika Mokowe. Hapo bado kuna kushusha, kupakia mashua, kuvuka na kuhesabu. Mfuko uliolowa maji hauuziki. Andikeni siku mzigo unapopokelewa stoo.

Mabati_Malindi
Yangu ni hiyohiyo. Mfumo unasema mabati 60, nikihesabu napata 52. Niweke hiyo ya kushikilia oda?

MpangaOda
Hapana ndugu yangu, hiyo si hiyohiyo. Wewe namba ya mwanzo yenyewe ina kasoro: labda mabati yameuzwa bila risiti, au mapokezi yaliandikwa kabla ya kuhesabu. Hesabu kwanza, rekebisha, ndipo ushikilie. Ukishikilia juu ya 60, utaahidi mabati 8 ambayo hayapo.

Kipanga_Programu
Nyongeza moja, maana hapa watengenezaji wengi wanakosea. Programu inasoma baki, inamwonyesha muuzaji, kisha inaandika oda. Wawili wakisoma kabla ya yeyote kuandika, wote wanapita, hata kama safu ya mzigo ulioshikiliwa ipo. Kukagua na kushikilia kuwe tendo moja:

```sql
UPDATE stoki
SET imeshikiliwa = imeshikiliwa + 70
WHERE bidhaa = 'SIMITI50'
  AND kilichopo - imeshikiliwa >= 70;
```

Ikirudi kwamba mistari 0 imebadilika, mzigo hautoshi na oda isiandikwe. Hii inalinda mzigo uliopo leo tu. Ya lori inahitaji ile hesabu ya siku kwa siku. Na mzigo ukitoka, punguza `kilichopo` na `imeshikiliwa` pamoja. Ukisahau ya pili, stoo itakuwa na mzigo lakini programu itasema hakuna cha kuuza.

MwekaStoo_Amu
Hapo nakubali yote. Ila wauzaji nao wanashikilia mzigo kwa maneno matupu, mteja anapotea wiki mbili. Mimi nasema bila arubuni, ahadi iishe kwa saa 24.

HesabuNyepesi
Ukifanya hivyo umewapoteza makontrakta wa kaunti. Wao hulipwa kazi ikishaisha, arubuni wataitoa wapi?

MwekaStoo_Amu
Basi mwenye duka atie sahihi mwenyewe, na tarehe ya mwisho iandikwe kwenye oda.

Kipanga_Programu
Na akiwa safarini Mombasa?