Wakuu tupeane uzoefu: mwanariadha uliyembetia akijitoa, hela ilirudi au ililiwa?

Mtoto wa Gerezani: Nimeona watu wanaanza kusuka mikeka ya riadha nikakumbuka Paris 2024, mita 100 wanawake. Nilikuwa na tiketi mbili za mshindi wa jumla, Shericka Jackson na Shelly-Ann Fraser-Pryce. Shericka akajitoa kabla ya mchujo, hela ikarudi. Shelly-Ann akakimbia mchujo akapita, kesho yake nusu fainali hayupo, hela ikaliwa. Napiga simu naambiwa "alishaanza". Alishaanza wapi wakati fainali hajaikanyaga?

Mama Pili: Hii iliniuma mpaka leo.

Kocha Mstaafu: Kwa sheria zao wako sahihi. Beti ya mshindi wa jumla ni ya shindano zima, akishakimbia raundi ya kwanza amehesabiwa. Ungebeti nani anaongoza ile nusu fainali tu, asipoanza unarudishiwa. Na kwa Shericka ulibahatika, zipo kampuni ukibeti mapema asipotokea wanachukua.

Jembe7: Acha kuwatetea mzee, asipokimbia lazima warudishe, ndo sheria dunia nzima.

Kocha Mstaafu: Hakuna ya dunia nzima mdogo wangu. Leta kifungu.

Kabeti: Ndo maana mi nasubiri nusu fainali. Julien Alfred na Sha'Carri waliwekwa pamoja, Alfred akampiga 10.84 kwa 10.89. Ila odi ya Alfred nayo ikashuka hapo hapo, fainali ilikuwa saa moja na nusu tu mbele.

Msema Kweli: Mi Kipchoge aliacha marathoni baada ya kilomita 30, nikadai si amejitoa? Wakanicheka.

Njoki wa Eldoret: Hayo madogo. Agosti 5, 5000 wanawake, nimeweka Faith Kipyegon ndani ya tatu bora, ndiyo mechi ya mwisho kwa mkeka. Chebet wa kwanza, Faith wa pili, nyumba nzima tunapiga kelele, mara naskia ameondolewa kwa kusukumana na Gudaf Tsegay, Sifan Hassan anapanda fedha, Battocletti shaba, nacheki simu tiketi ishakuwa nyekundu. Mzee ananiambia nilale, nilale aje? Kenya wakakata rufaa, usiku huohuo Faith akarudishiwa fedha yake, lakini tiketi ikabaki nyekundu. Nikawatumia matokeo rasmi, tukasumbuana weee, mwishowe wakalipa. Sasa jirani alikuwa na Battocletti tatu bora, alikuwa ashalipwa, wakamkata kwa akaunti!

Jembe7: Huo wizi. Wakishalipa wamelipa.

Kocha Mstaafu: Wengi wanafuata matokeo ya jukwaani, na jukwaani alipanda Hassan kwa shaba.

Mama Pili: Jirani angetoa hela fasta tu 😂

Njoki wa Eldoret: Alitoa. Akaunti ikasoma negativu, akafungua ingine.

Mtoto wa Gerezani: Jamani mbona mada yangu imekuwa ya Njoki? Kocha, asipoanza mmoja kwenye mkeka wa tano, wengine wanaendelea?

Kocha Mstaafu: Wanaendelea, yule akirudishwa anahesabiwa odi 1.00. Bonasi ya mkeka sasa, hapo uliza kampuni yako.