Tupeane uzoefu: imeili ya bei uliyoisoma mara tatu, ukatuma, na bado ikakuumiza

Mchora Kurasa
Jana usiku nilikuwa naandika imeili ya bei kwa mteja mpya, mimi natengeneza tovuti, nikafika kwenye sentensi ya malipo mkono ukagoma kabisa maana nilikumbuka ya mwaka jana. Ile nilimwandikia mtu hivi: "Asilimia 50 kabla ya kuanza, asilimia 50 kazi ikikamilika." Niliisoma mara tatu. Jina lake nimelipatia, jumla nimeirudia kwa kikokotoo, hakuna herufi iliyoruka, nikatuma. Akakubali siku hiyohiyo na kianzio kikaingia. Wiki ya 5 tovuti iko tayari, yamebaki maandishi ya ukurasa wa "Kuhusu Sisi" na picha za wafanyakazi wake, vitu ambavyo ni yeye wa kuleta. Hakuleta. Mwezi ukaisha, ikawa miwili, ikawa minne, kila nikidai ananijibu kwa upole kabisa, "si tulikubaliana kazi ikikamilika? Mbona bado haijakamilika." Nikarudi kuisoma imeili yangu nikaona anasema kweli. Nilihakiki tahajia, sikujiuliza hilo "ikikamilika" ni nani mwenye mamlaka ya kulitamka. Nusu yangu niliipata mwezi wa 7. Nyie yaliwakuta yapi? Na siku hizi hiyo sentensi mnaiandikaje?

Kalamu Moja
Hilo neno lilinila na mimi. Nimekaa hapa nasoma.

Mama Pacha
Mimi nimetuma bei wiki mbili sasa mteja hajibu chochote, nifanyeje jamani? Nimpigie?

Kalamu Moja
Dada hapa tunaongelea imeili kabla haijatoka. Ila mpigie tu.

Mfasiri wa Usiku
Yangu hadi leo ikinijia usingizi unakata. Mimi sikuhakiki peke yangu, nilimpa rafiki yangu, mtu wa lugha hasa, mhariri. Niliandika: "Bei ni senti 8 za dola ya Marekani kwa kila neno la matini ya Kiingereza." Akaniambia sentensi nzito, mteja mpya anataka kitu chepesi, akaisafisha ikawa "senti 8 za dola ya Marekani kwa neno." Kweli ilipendeza. Nikatuma. Matini ya Kiingereza ilikuwa maneno 12,000, nikajua nadai dola 960. Nimemaliza, nimetuma ankara, mteja anarudi na hesabu yake, amehesabu Kiswahili nilichompa, maneno 10,100, anasema ni dola 808. Na nyie mnajua Kiswahili kinavyobana, Kiingereza kinatumia maneno manne sisi tunasema "hawatakuja" basi. Yaani kadiri nilivyotafsiri vizuri bila kurefusha ndivyo nilivyojipunguzia ujira. Dola 152 zikaenda hivyo kwa sababu ya maneno manne yaliyofutwa, "la matini ya Kiingereza". Niliandika imeili tatu za kujieleza, akanijibu moja tu, akanibandikia sentensi yangu mwenyewe. Kilichoniuma zaidi ni rafiki yangu, tulikaa muda mrefu hatusemeshani.

Bwana Mistari
Aisee pole sana. Lakini rafiki yako hana kosa, ulimpa arekebishe lugha akarekebisha lugha. Aliyebonyeza tuma ni nani?

Mfasiri wa Usiku
Sijasema ana kosa. Nimesema kilichotokea.

Kalamu Moja
Ana kosa kaka, mhariri hafuti neno bila kuuliza linafanya kazi gani. Kwenye sentensi ya pesa ndiyo kabisa.

Bwana Mistari
Basi kila mhariri awe mwanasheria? Tusilaumiane, ukishahaririwa unalinganisha na drafti ya kwanza, mstari kwa mstari, ndipo unatuma.

Mzee wa Ankara
Wote mna hoja. Nimefanya kazi za kujitegemea miaka 16, na imeili ya bei naisoma mara mbili kwa macho mawili tofauti. Mara ya kwanza nasoma lugha. Mara ya pili naacha lugha kabisa, najifanya mimi ndiye mteja, tena mteja asiye na haraka ya kulipa, nasimama kwenye kila tarakimu. Nikikuta "siku 14" nauliza siku 14 tangu lini, na hiyo "lini" iko mkononi mwa nani. Ikiwa mkononi mwa mteja naibadilisha. Mchora, yako mimi ningeandika hivi:

"Salio la asilimia 50 litalipwa ndani ya siku 14 tangu nikukabidhi toleo kamili la kwanza. Maandishi na picha zako zisipofika ndani ya siku 30 tangu nilipoziomba, nitakabidhi kwa maandishi na picha za muda, na salio litahesabiwa kuanzia hapo."

Hapo saa inaanzishwa na kitendo chako wewe. Yeye akichelewesha picha, hacheleweshi malipo.

Bwana Mistari
Asilimia 50 mbele kwa mtu asiyekujua inafukuza wateja. Mimi nagawa 30, 40, 30 na sijawahi kudhulumiwa.

Mzee wa Ankara
Mgao sina ugomvi nao. Ila hiyo 30 ya mwisho umeifunga kwenye nini?

Bwana Mistari
Kazi ikiisha.

Kalamu Moja
Ni lilelile "ikikamilika" limebadilisha nguo.

Bwana Mistari
Wateja wangu ni waungwana. Nabaki na msimamo wangu.

Frilansa Mpole
Mimi naandika "makadirio" badala ya bei, hapo nimejilinda, siwezi kubanwa na chochote.

Mzee wa Ankara
Umejilinda nusu. Mteja akisoma makadirio naye anajiona ana nafasi ya kubishana mwishoni. Kazi ikiwa inajulikana mipaka yake mpe bei kamili, orodhesha kilichomo, sema marekebisho ni mizunguko mingapi, na uweke tarehe ya mwisho ya bei hiyo. Bei isiyo na tarehe, mtu anakuja nayo baada ya miezi 6 na wewe gharama zako zimeshapanda. Makadirio ni ya kazi ambayo bado hujaiona yote.

Sauti ya Tatu
Na jina la faili mlisome jamani. Maandishi yangu yote yalikuwa safi ila kiambatisho kilikuwa kinaitwa `bei_mteja_wa_zamani_punguzo.pdf`. Swali la kwanza la mteja lilikuwa, "na mimi punguzo langu ni kiasi gani?" Tangu siku hiyo najitumia mwenyewe kwanza, nafungua kwenye simu, naangalia jumla ya ndani ya imeili na ya kwenye kiambatisho kama ni moja. Anwani ya mteja naiandika mwisho kabisa.

Mchora Kurasa
Nimetuma asubuhi kwa maneno ya Mzee. Mteja amejibu sasa hivi, anauliza "toleo kamili la kwanza" ni lipi hasa. Nimemwambia kurasa 5 zote zinafunguka kwenye simu na kompyuta, na fomu ya mawasiliano inafikisha ujumbe kwenye imeili yake. Ameomba hayo niyaingize kwenye imeili yenyewe kabla hajakubali.

Mzee wa Ankara
Yaingize, na ubadilishe tarehe juu. Halafu ile ya kwanza mwambie imefutwa, asibaki na mbili.

Mama Pacha
Nimempigia. Anasema bei aliiona siku ileile, anasubiri nimwambie alipe kwenye akaunti gani.

Kalamu Moja
Dada, hukuiandika?

Mama Pacha
Niliandika "malipo kupitia benki" tu.