Benki ya mzee ina aplikesheni mbili Play Store, ya kweli ni ipi?

BintiMoro

Wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada, hasa kwa anayeyajua haya mambo kwa undani.

Baba yangu ni mwalimu mstaafu, anaishi Kilosa. Kiinua mgongo chake kiko benki (jina sitalitaja). Juzi nilimnunulia simu ya Android nikamwambia apakue aplikesheni ya benki, aache kupanda gari hadi tawini kila akitaka kuangalia salio. Akaingia Play Store, akaandika jina la benki, akapakua ya kwanza iliyotokea.

Leo nimeishika hiyo simu. Ukitafuta jina la benki zinatokea mbili. Nembo ni moja, rangi ni zile zile, hata picha za ndani zimefanana. Tofauti niliyoiona ni kwamba ile ya juu imeandikwa "Sponsored" kwa herufi ndogo, na jina lake limeongezewa "Plus". Hiyo ndiyo aliyopakua.

Anasema ilimtaka aandike kwenye ukurasa mmoja namba ya akaunti, namba 16 za kadi na namba ya siri ya ATM. Alipobonyeza kuendelea ikamwambia mfumo uko kwenye matengenezo, ajaribu baada ya saa 24. Nikimuuliza kama namba ya siri aliiandika, mara anasema ndiyo, mara anasema aliiruka. Ana miaka 67 na ameshaanza kuona aibu, sitaki kumbana.

Nitajuaje ipi ni ya benki kweli? Na kwa sasa nifanye nini?

Mzalendo_77

Pole dada. Hiyo ni rahisi, angalia idadi ya waliopakua na nyota. Ya benki itakuwa na watu laki kadhaa, ya matapeli ina watu wachache. Pia soma maoni ya watumiaji.

MamaTwaha

Hawa watu wabaya sana. Mimi nilikopa shilingi 80,000 kwenye aplikesheni ya mkopo, nilipochelewa siku mbili wakaanza kuwapigia simu mashemeji zangu wote waliomo kwenye simu yangu. Mwambie baba asikope kabisa huko.

FundiKisima

BintiMoro, kabla ya swali la kwanza tuanze na la pili, maana huo ujumbe wa "matengenezo" hauko pale bure. Umewekwa ili mtu atulie nyumbani akisubiri saa 24 wakati wao wanafanya kazi. Mhesabu mzee kuwa namba ya siri aliitoa.

Zima data na Wi-Fi kwenye hiyo simu sasa hivi. Toa laini yake uiweke kwenye kiswaswadu. Kwa simu yako wewe piga namba ya benki iliyoandikwa nyuma ya kadi yake, mzee azungumze mwenyewe aombe kadi ifungwe na huduma za simu zisitishwe. Usichukue namba ya simu kutoka kwenye ukurasa wa aplikesheni, kwa sababu ukurasa huo umeandikwa na aliyeitengeneza.

Swali moja: namba ya siri ya M-Pesa yake ni tofauti na ya ATM?

MamaTwaha, pole kwa yaliyokupata, ila hilo ni jambo jingine. Yako ilikuwa ni ya mkopo kweli, tatizo ni wanavyokusanya madeni. Benki Kuu ilitoa orodha ya 69 zisizo na leseni Novemba 2024. Ya mzee haikopeshi wala haiweki, kazi yake ni kukusanya namba za siri.

BintiMoro

Ni namba ile ile. Anatumia moja kwa vyote tangu zamani. Napiga benki sasa.

FundiKisima

Basi laini ikishakaa kwenye kiswaswadu apige *150*00# abadilishe namba ya siri ya M-Pesa hapo hapo. Hiyo menyu haipiti kwenye ile aplikesheni.

Mzalendo_77

Nimepita tena kusisitiza, angalieni pia ruhusa. Aplikesheni ikiomba kusoma meseji ujue ni feki. Ya benki haina haja na meseji zako.

FundiKisima

Mkuu, hapo kuna nusu ya ukweli, na hiyo nusu nyingine inaumiza watu.

Zipo aplikesheni halali za benki zinazoomba ruhusa ya meseji wakati wa kujisajili, ili zihakikishe kuwa laini iliyosajiliwa benki ndiyo iliyomo kwenye simu. Ukimfundisha mzee kwamba meseji ni dalili ya feki, ataikataa ya kweli. Ruhusa ya kuogopa ni ile ya Accessibility, kwa sababu aliyepewa anaweza kusoma kilichoko kwenye kioo na hata kubonyeza kwa niaba yako. Nayo tena, feki kama ya mzee haihitaji ruhusa yoyote. Ni fomu tu, mwenyewe unaijaza kwa mkono wako.

Idadi ya waliopakua nayo inadanganya pande zote mbili. Mwaka 2024 kampuni ya Check Point ilieleza kuhusu aplikesheni ya sarafu za mtandao iliyojifanya WalletConnect. Ilikaa Play Store karibu miezi mitano, ikapakuliwa zaidi ya mara 10,000, ina maoni mazuri ya kubuni, na ikaiba kiasi cha dola 70,000. Ilipitaje? Ilikuwa inaangalia anayeifungua yuko wapi na anatumia kifaa gani. Wengine ilionyesha kikokotoo cha kawaida, waliolengwa wakaona ukurasa wa wizi. Na upande wa pili, benki ikitoa aplikesheni mpya kuchukua nafasi ya zamani, ya kweli ndiyo itakuwa na watu wachache wiki za mwanzo.

Chausiku

Si uangalie tu jina la aliyeitengeneza chini ya nembo? Likiwa la benki umemaliza.

FundiKisima

Jina nalo ni maandishi tu, dada. Novemba 2017 kulikuwa na "Update WhatsApp Messenger" Play Store. Jina la mtengenezaji lilisomeka "WhatsApp Inc." sawasawa na la wenyewe, kwa sababu mwishoni waliongeza alama ya nafasi isiyoonekana kwa macho. Kwa mfumo yalikuwa majina mawili, kwa jicho la mtu lilikuwa moja. Waliopakua walizidi milioni moja.

Kitu ambacho hawawezi kukinakili ni kitambulisho kilichomo kwenye linki. Kila aplikesheni ya Play Store ina chake, na viwili haviwezi kufanana herufi kwa herufi. WhatsApp ya kweli ni hii:

```
https://play.google.com/store/apps/details?id=com.whatsapp
```

Angalia kinachofuata baada ya id=. BintiMoro, ukitulia fungua kila moja ya zile mbili Play Store, bonyeza vidoti vitatu juu, kisha Share, nakili linki. Ficha jina la benki ukiweka hapa.

BintiMoro

Benki wamefunga kadi. Wamesema salio lipo lakini kuna jaribio moja la malipo ya mtandaoni lililokataliwa jana usiku. Mikono inanitetemeka. Namba ya M-Pesa tumebadilisha.

Linki hizi. Ya kwanza ndiyo ya "Plus":

```
details?id=com.BENKI.mobilebanking.plus
details?id=com.KAMPUNI.mb.prod
```

Sasa nimechanganyikiwa. Ya "Plus" ndiyo ina jina la benki kwenye kitambulisho. Ya pili ina jina la kampuni nisiyoijua kabisa. Ina maana ya "Plus" ndiyo ya kweli?

FundiKisima

Nashukuru umeuliza kabla ya kuamua. Kitambulisho hakihukumiwi kwa sura. Mtu yeyote anaweza kuandika jina la benki ndani ya cha kwake, mradi hakijachukuliwa. Na benki nyingi hutengenezewa aplikesheni na kampuni za nje, basi jina la kampuni linabaki humo. Kwa hiyo cha kweli mara nyingi ndicho kinachoonekana cha ajabu.

Kazi yake ni kulinganisha na chanzo ambacho tapeli hakukigusa. Chukua karatasi ya taarifa ya akaunti ya mzee, au kadi yake, tafuta anwani ya tovuti ya benki. Iandike mwenyewe kwa mkono juu kwenye kivinjari, usiitafute Google, kwa sababu na huko matangazo hukaa juu. Ndani ya tovuti tafuta alama ya Play Store, ibonyeze, halafu soma kinachofuata id=. Kinachofanana herufi kwa herufi na hicho ndicho cha benki.

BintiMoro

Nimefanya. Imenipeleka kwenye ile ya KAMPUNI. Ile isiyo na "Plus".

Juma wa Muscat

Na sisi wa iPhone? Huko nasikia Apple wanakagua, hakuna feki.

FundiKisima

Zipo. Mwaka 2021 gazeti la Washington Post lilieleza habari za mtu aliyepoteza Bitcoin 17.1, wakati huo kama dola 600,000, kwa aplikesheni iliyojifanya ya Trezor, watengenezaji wa vifaa vya kuhifadhia Bitcoin, kwenye App Store. Apple walisema ililetwa kukaguliwa kama ya kuhifadhi nywila, ikageuzwa baadaye. Na cha kujifunza pale ni kwamba Trezor wenyewe wakati ule hawakuwa na aplikesheni ya iPhone. Hakukuwa na ya kweli ya kulinganisha nayo. Ndiyo maana nasema anza kwenye tovuti ya wenyewe, maana huenda ukakuta unachokitafuta hakipo kabisa kwa simu yako. Kwenye linki ya App Store linganisha ile namba ndefu inayoanza na id.

Chausiku

Na simu ya mzee je, akiifuta inatosha? Mimi ningeisafisha yote irudi kama ya dukani.

FundiKisima

Ingia Settings, kisha Accessibility, uone kama ile "Plus" imewashwa. Kama haimo, kuifuta inatosha kwa maoni yangu.

Chausiku

Mimi siwezi kulala na simu hiyo. Hujui ilifanya nini nyuma ya pazia.

FundiKisima

Siwezi kukulazimisha, na simu ni mpya, hana cha kupoteza akiisafisha. Kabla ya kuifuta bonyeza vidoti vitatu kwenye ukurasa wake Play Store, "Flag as inappropriate", uchague ya kuiga au kujifanya mwingine. Na linki yake mpeleke benki, wao wana uzito zaidi kuliko sisi.

BintiMoro

Mrejesho. Asubuhi nilimpeleka tawini, ameomba kadi mpya na namba mpya ya siri. Meneja alichukua linki akaiandika kwenye daftari. Accessibility haikuwa imewashwa, lakini simu tumeisafisha, mzee mwenyewe alitaka. Aplikesheni ya kweli nimempakulia kupitia tovuti ya benki akiwa ameketi pembeni yangu, kitambulisho tulikisoma wote wawili kwa sauti.

Nimetafuta tena sasa hivi saa moja jioni. Ile ya "Plus" bado ipo, na bado ndiyo ya juu. Nawaomba mliomo humu wenye dakika mbili, ujumbe wa faragha nitawatumia jina lake, muiripoti.