Kofia ngumu isiyofungwa mkanda ni ya kumwonyesha trafiki tu! Nimechoka

Wana Mtwara na Lindi, naandika nikiwa na uchungu. Mdogo wangu yuko wodini, paja limevunjika. Walipanda bodaboda mishikaki, dereva na abiria wawili, kutoka Mikindani, yeye wa nyuma kabisa kwenye keria. Karibu na trafiki alishushwa, akatembea kwa miguu, wakampakia tena mbele. Trafiki akaona abiria mmoja, kofia ipo kichwani kwa dereva, akawapungia mkono wapite. Hakuuliza kofia ya abiria iko wapi, wala hakuangalia mkanda wa kidevu ulivyokuwa unaning'inia!

Mbele yao kulikuwa na semi ya korosho. Ikapunguza mwendo, ikavuta kulia. Dereva akaona kushoto kuna uwazi, akapenya. Kumbe semi inakata kushoto. Tela likawasukumia mtaroni. Kofia niliiokota mwenyewe, haina hata mkwaruzo, wakati dereva kashonwa kichwa. Ilichomoka kabla kichwa hakijafika chini. Ya nini sasa?

Mzee wa Semi: Pole sana ndugu. Semi ndefu haiwezi kukata kushoto bila kuvuta kulia kwanza, kwa sababu matairi ya tela hayafuati njia ya kichwa cha semi, yanakata kona kwa ndani. Ule uwazi mnaouona ndimo tela linamopita. Na ukiwa ubavuni kushoto, karibu na mlango, kwenye kioo sikuoni. Ukiona semi inavuta kulia, kaa nyuma, tazama indiketa.

Boda wa Mnazi Mmoja: Mnatulaumu sisi tu. Tukikaa katikati ya njia yetu mnatupigia honi, tukikaa pembeni mnatubana. Halafu kofia inaziba masikio, bora uisikie gari inayokuja.

Mzee wa Semi: La kubanwa ni kweli, madereva wenzangu wanakosea. La masikio sikubali. Honi ya semi inasikika ndani ya kofia. Na hao wawili nyuma wanaivuta pikipiki, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, usukani hautii.

Mama Nanyamba: Mimi bajaji ilinigonga mwaka jana, sijalipwa mpaka leo. Nianzie wapi?

Mwenye uzi: Mama, pole, lakini hapa tunazungumzia pikipiki. Fungua uzi wako watakusaidia. Wewe Boda, sheria inasema abiria mmoja na kofia kwa wote wawili. Ya pili unayo?

Boda wa Mnazi Mmoja: Ninayo, iko nyumbani. Abiria wanaikataa, wanasema inanuka jasho la watu. Akinamama wanasema inaharibu nywele. Nikimlazimisha anapanda kwa mwenzangu, mimi nabaki kijiweni, na hesabu ya bosi iko pale pale.

Mwenye uzi: Mdogo wangu hakukataa. Hakuulizwa.