Kuifunga Phoenix mota ya umeme: habu yenye gia, habu isiyo na gia, au mota ya pedeli?

Msomi_Uyole
Wakuu, habari zenu. Niko mwaka wa mwisho, uhandisi umeme, hapa Mbeya. Mradi wangu ni kuifunga mota baiskeli ya Phoenix. Njia ya majaribio ni km 9 kwenda na 9 kurudi. Sehemu kubwa ni tambarare, ila katikati kuna mlima wa km 1.5 unaopanda mita 90. Mimi, baiskeli, mota, betri na mzigo ni kilo 130 kwa pamoja.

Nina chaguo tatu: habu ya nyuma yenye gia ndani (250 W au 350 W), habu kubwa isiyo na gia (1000 W), au mota inayofungwa kwenye pedeli (750 W). Betri ninayoimudu ni ya 36 V, 10 Ah. Msimamizi wangu anataka hesabu, hataki maneno. Mngechukua ipi?

Bachu_Shy
Isiyo na gia, usifikirie mara mbili. Mimi nabeba abiria huku Shinyanga na hiyo hiyo, ndani hakuna meno ya kulika. Kelele hakuna, inakwenda tu.

kapteni77
Mkuu, angalia betri yako kwanza. 36 mara 10 ni 360 Wh. Ukiweka mota ya 1000 W, hizo zinaisha ndani ya dakika 21 au 22. Mota ya 250 W inakupa karibu saa moja na nusu. Kwa hiyo chukua ndogo kabisa, hesabu imeisha.

FundiMota
Kapteni, hapo umegusa jambo la kweli ila kwa njia isiyo sahihi. Wati zilizoandikwa kwenye mota hazisemi inakula kiasi gani. Zinasema inaweza kubeba kiasi gani kwa muda mrefu bila kuungua. Baiskeli inakula kile ambacho barabara, hewa na mlima vinadai. Mota ya 1000 W ikienda km 25 kwa saa kwenye tambarare itakula karibu sawa na ya 250 W. Inamaliza betri haraka kwa sababu inakushawishi ukimbie km 40 kwa saa, na kwenye mwendo huo upinzani wa jumla unakaribia mara mbili.

Msomi, anza na nguvu ya kusukuma, kwa nyutoni. Kwa tairi za kawaida kwenye lami chukua mgawo wa 0.01: kilo 130 zinakupa kama N 13. Kwa hewa, mwendeshaji aliyekaa wima chukua eneo la 0.6. Mbeya mko juu, kama mita 1700, kwa hiyo tumia densiti ya hewa ya kilo 1.0 kwa mita ya ujazo badala ya 1.2 ya pwani. Kwenye km 25 kwa saa hewa inadai kama N 14. Jumla tambarare ni N 27. Mlimani, mita 90 kwa km 1.5 ni asilimia 6, hiyo peke yake ni N 76. Ukipanda kwa km 15 kwa saa, jumla inafika N 94.

Kutoka hapo mambo ni mepesi:

```
P (W)  = F * v
Wh/km  = F / 3.6 / ufanisi
```

Tambarare, ufanisi 0.8, unapata 9.4 Wh kwa km. Mlimani, ufanisi 0.7, ni kama 37. Kwenda: km 7.5 za tambarare ni 70 Wh, mlima ni 56. Kurudi mlima unakuwa mteremko, kwa hiyo ni 70 tu. Jumla kama 196 Wh. Kwenye betri yako usihesabu zaidi ya asilimia 80, yaani 288. Inatosha, na akiba inabaki ya upepo na betri kuzeeka.

Sasa mota. Mlimani gurudumu linahitaji N 94 mara m 4.17 kwa sekunde, kama 390 W. Nusu kipenyo cha gurudumu lako ni kama m 0.35, kwa hiyo ni Nm 33. Usisome wati za lebo, soma ampea za kontrola: 15 A kwa 36 V ni 540 W kuingia, na kwa ufanisi wa 0.7 zinatoka kama 380. Zilizobaki unazitoa kwa miguu bila kutoka jasho. Mlima wako ni wa dakika 6, habu yenye gia ya 350 W itaumudu. Ya 250 W nayo itapanda, ila ukiurudia mlima mfululizo, shika kasha lake: ukishindwa kuuacha mkono juu yake, pumzisha.

Bachu yuko sahihi kwa Shinyanga, kwenye tambarare, ila si kwa mlima wako. Habu isiyo na gia ya mwendo wa km 45 kwa saa, ukiiburuza mlimani kwa 15, sehemu kubwa ya umeme inageuka joto. Tena ina karibu uzito mara mbili ya ile yenye gia.

MamaNuru
Samahani, mimi nauliza: si bora hiyo isiyo na gia kwa sababu ukiteremka mlima inachaji betri? Mwanangu ameniambia hivyo, na sisi nyumbani tuna sola, tungeunganisha pamoja.

FundiMota
Ni kweli inaweza kuchaji, mama, na yenye gia za kawaida haiwezi kwa sababu ndani ina frilwili. Lakini mteremko huu, ukishuka kwa 25, unabaki na kama N 49 za kukamata. Kwa km 1.5 ni 20 Wh kwenye gurudumu, na zikifika kwenye betri ni labda 12. Faida yake kubwa ni kutunza breki. Sola ya nyumbani ni habari tofauti, ifungulie uzi wake.

Mkude_Moro
Mbona mnairuka mota ya pedeli? Milimani hiyo ndiyo mfalme, mimi ninayo na napanda Uluguru.

FundiMota
Baiskeli yako ina gia ngapi nyuma?

Mkude_Moro
Saba.

FundiMota
Ndiyo tofauti. Mota ya pedeli inashinda kwa sababu inapita kwenye gia. Phoenix ina moja, na cheni ndiyo itabeba nguvu yote.

Mkude_Moro
Abadilishe meno ya nyuma, aweke makubwa. Bado naona ingepanda vizuri kuliko habu.

MzeeSpoku
Vijana, mnahesabu vizuri, ila je, inaingia? Pima nafasi ya fremu nyuma. Habu nyingi za nyuma zinataka mm 135, Phoenix ni nyembamba kuliko hapo, itabidi kuitanua, na kwa chuma inawezekana. Ekseli ya mota ina bapa za mm 10, utapiga tupa tundu. Kisha funga mkono wa chuma wa kuizuia isijizungushe, la sivyo itakata nyaya zake. Rimu ya zamani ya nyuma nyingi ni matundu 40, habu ni 36. Ukiweka rimu mpya, breki zako za vyuma hazina pa kubana, kwa kuwa zinabana upande wa ndani wa rimu.

Msomi_Uyole
Asanteni sana. Naelekea kwenye 350 W yenye gia. Mgawo wa 0.01 nitaupima mwenyewe kwa kuiachia baiskeli itembee bila kupiga pedeli na kurekodi mwendo unavyoshuka. Swali: betri nimepata ya seli za kompyuta za zamani, bei nusu. Inafaa?

FundiMota
Usiipeleke mlimani kabla ya kuipima. Iwekee mzigo wa 15 A ukiangalia volti. Ikishuka haraka kuelekea 31, kontrola au bodi ya BMS itakata umeme katikati ya mlima hata kama betri imejaa. Na Ah uzihesabu kwa wati-mita, usiamini karatasi.

MzeeSpoku
Breki ya mbele umeamua nini?

Msomi_Uyole
Bado, mzee. Kuna fundi Mwanjelwa anasema atachomelea kishikio cha breki za waya kwenye uma. Nitaleta picha.