Rangi ya ngozi kwenye kichwa cha video ya mekapu: iandikwe au iachwe?

Mama Wanja: Siku hizi kila video ya kufundisha mekapu imeandikwa "ngozi nyeusi", "maji ya kunde", "mweupe". Huku ni kumsaidia mtazamaji au ni kutupanga kwa madaraja kama kahawa mnadani? Na isipoandikwa, mwenye kuihitaji ataipataje?

Brashi ya Tanga: Iandikwe. Mtu hatafuti "mekapu nzuri". Anaandika shughuli anayokwenda, anaandika ngozi yake, na akiwa na chupa mkononi anaandika jina la hiyo chupa. Kichwa cha YouTube kina nafasi ya herufi 100, ila kwenye simu kinakatwa kabla ya hapo, kwa hiyo shughuli na ngozi zitangulie, bidhaa ifuate. Angalieni hiki:

```
SOFT GLAM 😍🔥 jamani bibi harusi wangu kawaka
```

Hakuna hapo ngozi wala jina la bidhaa ambalo mtu angeliandika akitafuta. Sasa hiki:

```
Mekapu ya sendofu usiku, maji ya kunde, ngozi ya mafuta, MAC NC45
```

Anayekwenda sendofu anakipata, mwenye ngozi kavu anajua mapema si chake.

Kisauni Asilia: NC45 ndiyo maji ya kunde? Dada, kunde zako zimeungulia sufuriani. Huku kwetu huyo ni mweusi, tena mweusi wa kupendeza. Maji ya kunde ni yule aliye katikati, mwekundu kidogo.

Poda Tupu: Tatizo ni hizo herufi. NC ni ya ngozi baridi, NW ni ya ngozi joto, C na W zinajieleza. Maji ya kunde ni joto, kwa hiyo hapo angeandika NW.

Brashi ya Tanga: @Poda Tupu ni kinyume chake, na wengi hunasa hapo. Kwa MAC, NC huenda kwa ngozi yenye unjano au dhahabu chini yake, NW kwa ile yenye waridi au wekundu. Ukifuata herufi utampaka mtu wa dhahabu rangi ya waridi, na shingo itakusema. Ukikosea kwenye kichwa cha video ni vibaya zaidi, maana wanaokuja ni haohao wasiohusika.

Poda Tupu: Sawa, nimenyooshwa. Lakini kunde bado ni kunde.

Bi Mkubwa wa Ilala: Mnabishana kunde, hamwoni kinachouma. Mweusi mnamwandika "mweusi", mweupe mnamwandika "ngozi ang'avu". Kwa nini yeye ana nuru na mwenzake hana? Halafu mnasema ni utafutaji tu.

Brashi ya Tanga: Hilo la "ang'avu" ni kosa na sitalitetea, tena halisaidii: ung'avu ni namna uso ulivyomalizwa, siyo rangi. Mtu anayetaka uso wa kung'aa ataipata hiyo video na kukuta ngozi isiyo yake.

Bi Mkubwa wa Ilala: Umejibu la nuru, la madaraja umelipita kimya.

Tagi Mia: Mimi naweka zote: mweusi, mweupe, maji ya kunde, harusi, Idi, kichen pati. Tagi ndizo zinazoleta watu, nazijaza mpaka zinakataa.

Fundi Taa: Tagi Mia, hapo unajichongea. Sanduku la tagi lina herufi 500, na YouTube wenyewe wanasema mchango wake ni mdogo, faida kubwa ni kwa maneno yanayokosewa tahajia. Kwa hiyo weka `mekapu`, `meikapu`, `makeup`, basi. Orodha hiyohiyo ukiimwaga kwenye maelezo ni kosa kwa kanuni zao. Hashitagi zikipita 60 hazihesabiwi hata moja. Unataka kujua kama umepotosha? Fungua takwimu za hiyo video kwenye YouTube Studio, angalia maneno yaliyo chini ya `YouTube search`, kisha tazama mchoro wa watu wanavyoondoka. Ukiona wengi wamekuja kwa "mweupe" na mstari unaporomoka mara tu uso unapoonekana, kichwa kimedanganya.

Tagi Mia: Wivu huo. Video zangu zinaangaliwa.

Fundi Taa: Zinafunguliwa. Kuangaliwa ni jambo lingine.

Njegere: Samahani jamani, mimi uso wangu ni wa mafuta na kila faundesheni baada ya saa moja usoni inageuka chungwa. Ninunue ipi?

Brashi ya Tanga: Njegere, hatuuzi hapa, ila swali lako linaingia. Nyingine hubadilika ikikutana na mafuta na hewa. Paka kidogo kwenye taya, ngoja dakika 20, ndipo uamue. Ndiyo sababu mwalimu aonyeshe rangi ikiwa imetulia, siyo inapotoka kwenye pampu tu, na aiandike kwenye maelezo hivi:

```
0:00 Uso mtupu, karibu na dirisha
1:30 Konsila ya chungwa chini ya macho
4:10 NC45, pampu 2, sponji yenye unyevu
11:00 Rangi baada ya dakika 20
```

Lazima ianze 0:00, ziwe sehemu 3 au zaidi, kila moja isipungue sekunde 10, la sivyo hazitokei. Mwenye haraka ataruka moja kwa moja 11:00 kuona kama uso umebaki au umekuwa majivu.

Fundi Taa: Na shughuli nayo siyo pambo la kichwa. "Sendofu usiku" maana yake taa na flashi. Poda nyeupe yenye silika nyingi haionekani kwa macho, flashi ikipiga inarudi nyeupe chini ya macho kama unga wa ngano. Kwa Idi asubuhi poda hiyohiyo haina shida. Mtu akiandika "mekapu ya shughuli" tu, mtazamaji hajui kama poda hiyo itamwangusha.

Kisauni Asilia: Sendofu yenyewe ni ya Bara. Mkikuyu wa Kenya anaandika ruracio, Unguja wana singo. Kichwa kimoja hakitoshi.

Brashi ya Tanga: Kweli. Kichwani weka la mahali ulipo, majina mengine yaingie kwenye sentensi mbili za kwanza za maelezo, kwa maneno ya kawaida.

Bi Mkubwa wa Ilala: Narudi palepale. Andikeni namba ya chupa, acheni jina la mtu. NC45 haimtukani yeyote.

Fundi Taa: Haimtukani, lakini asiye na MAC haimwambii kitu, kila kampuni ina hesabu yake. Na chupa bandia inabeba namba ileile ikiwa na rangi nyingine kabisa. Anayetafuta kwa Kiswahili anaandika anavyojiita. Ukifuta neno, mwenye ngozi nyeusi ndiye atakayeletewa sura za weupe kwanza.

Bi Mkubwa wa Ilala: Anavyojiita, au mlivyomzoeza kujiita?

Mama Wanja: Hapo sasa ndipo nilipokuwa naulizia.

Poda Tupu: Mimi nasema "maji ya kunde" iandikwe pamoja na namba, na uso mtupu uwe kwenye picha ya jalada. Kila mtu ajipime.

Kisauni Asilia: Picha sawa. Lakini hiyo NC45 yenu, kunde hizo mmezitia magadi.